Blichi Jumamosi, sendofu Ijumaa: nisuke lini?

Swali: "Dada, shikamoo. Nipo Ujiji. Juzi Jumamosi nilipaka rangi kwenye nywele zangu za asili, saluni walinipiga blichi kwanza halafu wakaweka rangi ya shaba. Imetoka nzuri sana. Nywele nikizivuta zinafika mabegani. Ijumaa hii kuna sendofu ya mdogo wangu kule Mwandiga na nimeshanunua rasta za dhahabu. Msusi wangu anasema niende Jumatano, nioshe vizuri kwa sabuni kwanza, na akimaliza atachovya kwenye maji ya moto. Naogopa rangi isije ikatoka. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Jumatano usiende kusuka. Sogeza iwe Alhamisi, zile rasta za dhahabu ziache kwenye mfuko wake, na hiyo sabuni isiguse kichwa chako. Maji ya moto nitayasemea peke yake huko chini, maana hapo ndipo nimeona rangi za watu wengi zikiishia.

Kusuka kwenyewe hakutoi rangi. Mkono mkavu wa msusi ukipita kwenye nywele kavu hauondoi chochote. Rangi inaondoka na maji, na siku ya kusuka ina maji mara mbili: ya kuoshea mwanzoni na ya moto mwishoni. Baada ya hapo yanakuja maji ya kuosha ngozi ukiwa bado na rasta kichwani. Ukizilinda hizo nafasi 3 umelinda rangi. Ila kwa wewe uliyepigwa blichi kuna jambo la pili ambalo hukuliuliza, nalo ni kama nywele zenyewe zina nguvu ya kuvutwa wiki hii. Rangi ikififia unaipaka tena, lakini unywele uliokatika kwenye paji la uso utaungoja miezi.

Tuanze na kilichotokea Jumamosi. Unywele umevikwa magamba madogo yaliyolaliana kuelekea nchani, kama ya samaki. Ukimpapasa kuhe kutoka kichwani kwenda mkiani mkono unateleza, ukirudi kinyume unakwaruza. Blichi huyainua magamba hayo, ikaingia ndani na kuvunja rangi nyeusi ya asili. Inapofanya hivyo inaondoka pia na kiasi cha protini ya unywele, na magamba hayarudi yote kulala kama mwanzo. Kuanzia siku hiyo unywele unakuwa kama sponji, unanywa maji upesi na kuyaachia upesi, pamoja na chochote kilichomo.

Sasa kumbuka vizuri, au mpigie simu aliyekupaka umuulize: ile rangi ya shaba alichanganya vitu viwili kwenye bakuli, cha tyubu na cha chupa, au alichota kwenye kopo na kupaka moja kwa moja kama anavyopaka kondishena? Kama alichanganya, kile cha chupa kilikuwa peroksidi, na rangi ya namna hiyo huingia ndani ikiwa chembe ndogo, kisha chembe zinaungana humo humo na kuwa kubwa kiasi kwamba hazitoki kirahisi. Kama alichota na kupaka tu, rangi yako haikufungwa na kitu, imekaa ndani ya sponji na kila ukilowana inapungua. Juu ya blichi wapakaji wengi hutumia hii ya pili, kwa sababu ni laini na inang'aa, na kwenye rangi za wekundu na shaba ndiyo inayopendeza siku ya kwanza. Mimi ningekuhesabia kwamba una hii ya pili mpaka aliyekupaka aseme vingine.

Saluni wanapenda kusema usioshe kwa saa 72. Watu wanadhani rangi inaendelea kuiva ndani kwa siku 3. Sivyo, ile ya peroksidi kazi yake kubwa ilikwisha kwenye dakika 30 hadi 45 za kwanza kichwani. Kinachongojwa ni unywele wenyewe upoe. Umetoka kwenye dawa kali, umevimba, magamba yako wazi, na maji ya mara ya kwanza huondoka na rangi nyingi kuliko ya mara nyingine yoyote. Ukiupa unywele siku 3 au 4 bila maji, mafuta ya ngozi yakaanza kushuka kwenye shina na magamba yakatulia kidogo, unapunguza hasara hiyo. Hesabu yako inakwenda vizuri: Jumamosi mpaka Jumatano ni siku 4.

Lakini kabla ya kuosha, Jumanne usiku nataka ufanye majaribio 2. Utahitaji kitambaa cheupe na kikombe cha maji tu.

La kwanza ni la rangi. Lowesha kona ya kitambaa, ikamue isidondoke, shika nayo kishungi chembamba cha nywele na ubane kwa nusu dakika, kisha vuta kitambaa taratibu mpaka nchani. Kikitoka cheupe, au na kivuli tu cha shaba, rangi imeshika vizuri. Kikitoka kama umefutia mchuzi, rangi bado inamwagika, na chochote chenye rangi nyepesi kitakachosukwa pamoja na nywele hizo kitapakwa. Ndiyo sababu nimekwambia rasta za dhahabu uziache. Rasta ni nyuzi za plastiki, hazipakiki kwa undani, lakini nyepesi kama hizo zikilala na nywele za shaba zenye unyevu kwa wiki kadhaa zinapata madoa, zaidi karibu na shina, na yanaonekana kama uchafu. Rasta nyeusi au ya kahawia iliyoiva haina shida hiyo.

La pili ni la nguvu. Toa unywele mmoja mmoja kutoka sehemu 3: paji la uso, utosini na kisogoni. Zile zilizobaki kwenye kitana zitafaa kama unajua zilitoka wapi. Zichovye kwenye maji ya kawaida dakika moja, kisha shika ncha zote mbili na uvute polepole. Unywele wenye afya ukiwa umelowa unarefuka kidogo, kama robo ya urefu wake hivi, ukiuachia unarudi. Ulioharibiwa na blichi hufanya moja kati ya mawili: unakatika papo hapo kama uzi uliooza, au unarefuka na kurefuka kama bigijii iliyotafunwa na haurudi. Huo wa bigijii ndio unaodanganya watu, kwa sababu ukiwa mkavu unaonekana laini na mzuri. Wa paji la uso mara nyingi hushindwa kabla ya wengine, kwa kuwa ni mwembamba na mpakaji huanzia au kurudia hapo.

Ukishindwa hata sehemu moja, hakuna rasta wiki hii, na hapo sibembelezeki. Rasta zinaongeza uzito, na uzito huo unaning'inia kwenye unywele usioweza kurudi ukivutwa. Bana mabutu mawili matatu yaliyolegea, au funga kilemba kizuri, uende sendofu, urudi kusuka baada ya wiki 2 ukiwa umetia stimu ya kondishena mara 2 hapo katikati. Zikipita zote tatu, tuendelee.

Jumatano ndiyo ya kuosha, na hapa Kigoma kuna jambo ambalo vijarida vya nywele vya kwingine hawawezi kukwambia. Maji ya bomba ya mjini yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni kama 9. Nywele zinatulia kwenye asidi kidogo, pH kama 5. Alkali huinua magamba, kazi ile ile aliyoianza blichi. Kwa hiyo mtu wa Ujiji aliyepaka shaba akisuuza kwa ndoo 2 za maji ya ziwani na kuishia hapo, anaacha magamba yake wazi bila kujua. Anayeoga ziwani kila jioni anaipoteza rangi upesi zaidi, na hapo jua la saa 10 kwenye maji nalo linachukua sehemu yake.

Dawa yake ni siki, ile nyeupe ya kawaida ya dukani yenye asidi ya asilimia 5. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji ya bomba. Maji ya ziwa yana tabia ya kuila asidi, sehemu ya ile siki inamalizwa na alkali yenyewe, na kinachobaki ndicho kinachofaa nywele. Kama una maji ya mvua kwenye pipa, hayo ni bora zaidi, na kwa hayo kijiko cha chai kwa lita kinatosha kwa sababu hayana alkali ya kupigana nayo. Usiongeze kwa kudhani ikiwa nyingi itafunga zaidi, utawasha ngozi iliyotoka kuchomwa na blichi juzi. Na ndimu usitumie. Asidi yake ni kali kuliko siki iliyochanganywa hivyo, ukiikamua kwa macho hujui umeweka kiasi gani, na ukitoka nayo juani inaendelea kupausha nywele.

Sabuni sasa. Najua msusi wako ana maana gani akisema uoshe vizuri. Nywele zenye mafuta zinateleza, rasta haishiki, na yeye anataka asikie zinalia zikipitishwa vidole. Kwa hiyo wengi huosha kwa sabuni ya kipande, au ile ya mawese ya kienyeji, na nimewahi kuona mtu akitumia sabuni ya unga ya kufulia. Sabuni ya kipande nayo ni alkali, inafika pH ya 9 au 10. Ukichanganya na maji ya ziwa, kwenye nywele zenye blichi ya siku 4, utaona beseni limegeuka rangi ya chai ya rangi. Hiyo ndiyo hela yako ya Jumamosi inamwagwa uani.

Fanya hivi. Jumanne usiku ukishamaliza majaribio, paka mafuta ya nazi kwenye nywele kuanzia katikati mpaka nchani, vijiko 2 vya chakula vinatosha kichwa chako. Nazi inaingia ndani ya unywele na kupunguza maji unayokunywa, kwa hiyo unavimba kidogo na unaachia rangi kidogo. Ukikosa nazi, mafuta ya mise yanafanana nayo sana, yale meupe yanayotoka kwenye kokwa la ndani la chikichi. Usichukue mawese yenyewe. Hayo yana rangi yake, yatakupaka mto, shingo na gauni.

Asubuhi osha mara moja tu, kwa shampuu isiyo na salfeti, kiasi cha kijiko cha chakula ukikichanganya na maji kwenye kikombe. Mimina kwenye ngozi, sugua ngozi kwa ncha za vidole, acha povu lishuke lenyewe kwenye nywele. Usizikunje juu ya kichwa na kuzifikicha kama nguo. Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu ambao mtoto angeogeshwa bila kulia. Shampuu ya mba iweke pembeni kabisa, imetengenezwa kukwangua na huwa inakwangua na rangi. Paka kondishena, iache dakika 5, suuza, kisha mwagia yale maji ya siki na usisuuze tena. Harufu itaondoka zikikauka.

Watu huniuliza kuhusu yai na mayonezi baada ya blichi kwa sababu ya protini. Protini ya yai ni kubwa mno, haiingii kwenye unywele, inakaa juu. Na mwenye haraka akisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani. Nimeshachambua vipande vya yai kwenye kichwa cha mtu kwa kitana cha chawa, sitaki kurudia.

Baada ya kuosha, kausha kwa kubonyeza na fulana ya pamba iliyokwisha, ya rangi nyeusi, maana nywele zikioshwa mara ya kwanza huacha alama ya rangi. Kunyoosha usitumie draya ya moto. Moto juu ya blichi unaufanya unywele uwe mkavu na wa kukatika. Tumia uzi kama walivyotusuka bibi zetu. Gawa mafungu 10 au 12 zikiwa na unyevu kidogo, zungushia uzi kutoka shinani mpaka nchani bila kukaza shina, zilale hivyo usiku mzima. Alhamisi asubuhi ukifungua zimenyooka kiasi cha kusukwa, zimekauka mpaka ndani, na hakuna moto uliopita. Ukavu huo ni wa lazima. Unywele uliolowa umerefuka. Ukisukwa hivyo, ukikauka unajikunja ukiwa tayari umefungwa, na mvutano unaongezeka baada ya msusi kwenda nyumbani kwake. Na unyevu uliofungiwa ndani ya rasta unaendelea kuhamisha rangi na kuleta harufu.

Alhamisi usuke nini? Kama ungekuwa umekaa kwenye kiti changu ningekusuka twisti za nywele zako mwenyewe, bila kuongeza kitu. Zinafika mabegani, zinatosha. Umelipia shaba ili ionekane, halafu unataka kuifunika kwa dhahabu ya dukani? Twisti hazikazi shina kama rasta, zinafunguka bila kung'ang'ana, na Ijumaa usiku ukirudi unaweza kuzifungua au kuziacha wiki 2. Nusu ya matatizo ya jibu hili yanakwisha hapo.

Kama moyo wako uko kwenye rasta, basi nunua za shaba iliyoiva au kahawia, usuke zisizo na kifundo shinani, zile wasusi wanaziita notlesi. Msusi anaanza na nywele zako na kuongeza rasta kidogo kidogo akishuka, kwa hiyo uzito haukai wote kwenye ngozi. Ukubwa wa kati, urefu usipite katikati ya mgongo. Nyembamba sana hapana, kwa sababu kila moja inabebwa na nywele chache. Nene sana na ndefu nazo hapana, ni uzito. Ukingo wa paji la uso mwambie auache nje au ausuke mwisho kwa mkono mwepesi, na jeli asiipigilie hapo. Akiwa anasuka, ukijikuta unakunja uso, sema pale pale. Kesho yake ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mashina ya ukingo, hizo rasta zimekazwa. Zifungue hizo chache, usisubiri zilegee zenyewe.

Rasta mpya pia huwa zimepakwa kitu kiwandani, na kwa watu wengi ndicho kinachowasha. Jumatano hiyo hiyo zichovye kwenye beseni la maji yenye siki, sehemu 1 ya siki kwa 4 za maji, nusu saa. Mara nyingi utaona ukungu mweupe juu ya maji. Suuza, anika. Hiyo ni kwa rasta peke yake, siki kali namna hiyo isifike kichwani.

Sasa birika. Miaka kadhaa nyuma alinijia mteja mwenye nywele nyekundu, alikuwa amepaka siku 2 zilizopita, na ametaka rasta za rangi ya krimu. Nilimsuka vizuri, nikachemsha maji, na kwa kuwa kiza kilikuwa kimeingia na nina haraka, badala ya kuchovya ncha nikamwinamisha na kumwagia kutoka kisogoni kushuka. Taulo jeupe lililokuwa mgongoni likawa la waridi mbele ya macho yangu. Rasta zikawa na michirizi ya waridi kutoka shingoni mpaka kiunoni, na nywele zake zenyewe, tulipozifungua wiki hiyo hiyo kwa gharama yangu, zilikuwa na rangi ya machungwa yaliyopauka. Kosa lilikuwa langu lote.

Maji ya moto kazi yake ni moja, kulainisha plastiki ya rasta ili ncha zishikane na zisifumuke. Kwa nywele zako hayana kazi yoyote isipokuwa kuzivimbisha na kuchota rangi. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: maji yafike pale tu ambapo nywele zako hazipo. Zako zinaishia mabegani. Zikisukwa zitapanda juu kidogo. Mwambie msusi apime kwa kidole pale unapohisi nywele zako zinaisha ndani ya rasta, afunge uzi hapo kama alama, na chini ya uzi aache nafasi ya upana wa kiganja kabla ya maji. Wewe kaa wima, yeye akusanye ncha kwenye fungu, achovye kwenye jagi lililowekwa chini yako nyuma ya kiti, kwa kuhesabu mpaka 10, kisha abonyeze na taulo kavu kuelekea chini. Kumwagia hapana, hata akisema atamwaga kidogo, kwa sababu maji hupanda ndani ya rasta kama mafuta ya taa kwenye utambi. Taulo nene liwe mgongoni, kwani maji hayo yanaunguza kweli.

Na kama umenisikiliza ukasuka twisti za nywele zako, hakuna plastiki, basi hakuna maji ya moto kabisa. Ncha zinazungushwa kwenye kidole na jeli kidogo na zinakaa. Msusi akishika birika kwa mazoea, mzuie.

Ukiwa nazo kichwani, usiku funga kitambaa cha satini cha rangi iliyoiva. Mchana wa jua kali funga kilemba au jitande khanga, shaba inapauka juani. Osha ngozi baada ya wiki 2, kwa chupa yenye mdomo mwembamba: sehemu 1 ya shampuu kwa 4 za maji, unapitisha kwenye njia za kichwa tu, unasuuza, unamalizia na siki ile ya kijiko kwa lita, na unakaa kwenye upepo mpaka mashina yakauke. Wiki 4 zinatosha. Najua watu wanakaa nazo miezi 2 na zaidi, lakini nywele za blichi zinakauka ndani humo bila mtu kuziona, na kuzifungua kunakuwa vita.

Neno moja kuhusu kuwashwa, maana utachanganyikiwa kwa kuwa umefanya mambo mawili wiki moja. Kuwasha kwa rasta huanza siku ile ile au ya pili, na kunakaa pale rasta zinapogusa: shingoni, masikioni, mgongoni juu. Mzio wa rangi unaweza kuchelewa siku 1 mpaka 3 tangu upake, na unajionyesha kwa uvimbe wa kope na masikio, malengelenge au maji yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa. Ukiona dalili hizo leo au kesho, usisuke chochote, nenda hospitali, na usipake rangi ya namna hiyo tena, piko nyeusi ikiwemo, kwani mara nyingi mhusika ni kemikali ile ile. Kidonda kidogo kilichoachwa na blichi nacho kisifunikwe na rasta, kingoje kikauke.

Siku ya kufungua usikimbilie kuosha. Paka mafuta yale yale ya nazi au mise kwanza, chambua uchafu uliokusanyika shinani kwa vidole zikiwa kavu, kisha kitana chenye meno mapana, halafu ndiyo maji. Utaona shina jeusi kama sentimita 1 limeota, na shaba itakuwa imepungua kidogo hata ukifanya yote niliyosema. Iliyopakwa moja kwa moja juu ya blichi haikai milele. Ukitaka kuirudisha usipige blichi tena. Mwambie mpakaji achanganye ile ile rangi ya kopo na kondishena, aiache dakika 20, na iwe angalau wiki moja baada ya kufungua. Mwambie pia akuandikie jina na namba ya rangi kwenye karatasi, maana wengi husahau walichokupaka.